SOMO: Namna ya kutunga zoezi la kutafuta kitenzi kilichokosewa (ile "ku" ya kula, kuja, kunywa)

Nimeulizwa hili mara nyingi mno: "Mwalimu, zoezi langu limetoa majibu mawili, nisahihishe vipi?" Naliweka hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Hatua ya 1. Chagua kosa la aina moja tu. Leo ni vitenzi vya silabi moja.

Hatua ya 2. Andika aya iliyo sahihi kwanza, ndipo uiharibu. Usianze na makosa.

Hatua ya 3. Jua kanuni kabla ya mwanafunzi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Viambishi -na-, -li-, -ta-, -me- na -nge-, pamoja na virejeshi kama -ye- na -po-, havibebi mkazo. Ndiyo maana "ku" inabaki ili iubebe: anakula, atakuja, aliyekunywa, asipokuja. Lakini -ki-, -ka-, -ja-, hu-, -si- na -ku- ya ukanushi vinaubeba vyenyewe, kwa hiyo "ku" ya kitenzi inaondoka: akila, akaja, hajala, huja, asinywe, hakuja. Kiambishi cha nafsi nacho kinaubeba (ale, waje), na cha mtendwa pia (ameinywa).

Hatua ya 4. Iharibu aya. Hii nimeiandaa kwa kidato cha kwanza:

"Jana baba alikuja Kibaigwa sokoni na magunia matano ya mahindi. Mdogo wangu hakukuja naye. Sokoni hakukuwa na mnunuzi, na hadi saa saba baba alikuwa hajakula kitu. Mama lishe alimshauri akule ugali na mlenda kwanza. Baba alila haraka, akanywa maji, akarudi kwenye magunia. Dalali akamwambia, 'Mnunuzi akikuja tutapima. Asipokuja, utalala hapa.'"

Makosa ni matano: hakukuja (hakuja), hajakula (hajala), akule (ale), alila (alikula), akikuja (akija). Mengine matano ni mitego iliyo sahihi: alikuja, hakukuwa, alikuwa, akanywa, asipokuja. Mitego usiiache. Bila hiyo mwanafunzi atafuta kila "ku" anayoiona na kupata alama karibu zote bila kujua chochote.

Hatua ya 5. HAPA NDIPO NILIPOHARIBU, SOMA POLEPOLE. Kila kosa lazima liwe na jibu moja. Tazama "Baba alila haraka, akanywa maji". Wewe unataka "alikula". Mwanafunzi hodari ataandika "akala", na hajakosea, maana masimulizi yanaruhusu "akala, akanywa, akarudi". Vivyo hivyo "akikuja": mmoja ataandika "akija", mwingine "atakapokuja", na sentensi zote mbili ni nzuri. Ukimnyima alama unamwonea. Dawa si kubadilisha aya nzima, dawa ni maelekezo. Andika juu ya zoezi: "Usibadili kiambishi cha wakati wala maana ya sentensi." Hapo "akala" inatoka, kwa sababu imebadili -li- kuwa -ka-, na "atakapokuja" inatoka kwa sababu ileile.

Tahadhari mbili zaidi. Usitumie kosa ambalo ni neno halali kwa maana nyingine. Ukiharibu "atakuja" ikawa "ataja", mwanafunzi atakuambia ni kitenzi "taja" kama kwenye vichwa vya habari, na ana hoja. Pia usiweke kwenda wala kwisha. Anaenda na anakwenda, imeisha na imekwisha, yote yanakubalika. Hapo utabishana na darasa hadi kengele.

Hatua ya 6. Alama. Kutambua kosa 1, kulisahihisha 1, jumla 10. Kila kitenzi sahihi kilichoguswa, toa 1. Jaribu mwenyewe: mwanafunzi anayefuta "ku" kila mahali atapata makosa manne, yaani alama 8, lakini ataharibu alikuja, hakukuwa, alikuwa na asipokuja, abaki na 4. Kama hutoi alama, huyo anaondoka na 8.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwl wa Bahi: Majibu ya hiyo aya yako wapi? Mbona hujaweka?

Mwandishi: Hatua ya 4, chini ya aya.

Kijana wa Nkuhungu: Mimi nasema "sijakula" tangu nizaliwe na watu wananielewa. Hilo kosa umelitunga wewe.

Mwandishi: Kueleweka sijakukatalia. Zoezi linapima Kiswahili sanifu, na huko ni "sijala". Ukiulizwa nyumbani kama umekula, jibu utakavyo.

Mama Kongwa: Mwalimu, "hakukuwa" mbona ina ku mbili na umesema ni sahihi? Darasani kwangu wote wameifuta moja.

Mwandishi: Swali zuri, dada. Hesabu viambishi: ha-ku-ku-wa. "Ku" ya kwanza ni ya mahali (sokoni), ya pili ni ukanushi wa wakati uliopita. Ile ya kitenzi imeshaondoka, kwa hiyo hakuna iliyozidi. Ukifuta moja unapata "hakuwa", na hapo mtenda anakuwa mtu: baba hakuwa na mnunuzi. Maana imehama. Kwa njia hiyohiyo "hakukuja mtu" ni sahihi, ila "mdogo wangu hakukuja" si sahihi, kwa sababu mdogo wangu si mahali. Wafundishe waulize "nani au wapi?" kabla ya kufuta.

Mpenda Sarufi: Je, "ingia ndani simba asikule"? Hapo nayo tuseme asile?

Mwandishi: Hapana, na umenigusa mahali pazuri. Hiyo "ku" ni wewe, mtendwa. Simba asikule = simba asile wewe. Ndiyo maana kwenye aya niliweka ugali baada ya "akule": chakula kimetajwa, basi "ku" haiwezi kuwa mtu. Ukitumia kula kwenye makosa ya namna hii, taja kinacholiwa. Kuja hakuna shida hiyo, hakuchukui mtendwa.

Mwl wa Bahi: Na kwenda naweza kuweka?

Mwandishi: Kaka, hatua ya 5.

Mama Kongwa: Nina wanafunzi 80 na hakuna karatasi za kuchapa. Nafanyaje?

Mwandishi: Andika aya ubaoni, kila mstari na namba yake. Wasinakili aya. Wachore safu tatu daftarini: namba ya mstari, neno lililokosewa, neno sahihi. Kusahihisha kunakuwa kutazama safu ya pili na ya tatu tu. Usipigie mstari makosa, nusu ya alama ni kuyatafuta.

Mpenda Sarufi: Na idadi ya makosa uwaambie?

Mwandishi: Darasa la sita na la saba waambie ni matano, la sivyo wanabahatisha hadi mwisho. Kidato cha kwanza usiwaambie. Na yasipangwe moja kwa kila sentensi, wanagundua haraka. Ona nilivyoacha sentensi ya kwanza na ya mwisho bila kosa.