SOMO: Nilradikali ni makutano ya ideali tasa zote (na kwa nini uthibitisho wako unakwama)

Wiki hii nimejibu swali hili mara nne, kwa hiyo naandika hapa mara moja, anayekuja na swali lile lile nitamwelekeza huku. Ringi zote humu ni za kubadilishana, yaani xy = yx, na zina 1. Mfano wetu ni Z/72, maana 72 = 2^3 · 3^2 na hapo kuna vitu vya kuona.

Hatua ya 1. x ni nilipotenti kama kuna kipeo k kinachofanya x^k = 0. Kwenye Z/72, 6 ni nilipotenti, 6^2 = 36, 6^3 = 216 = 3 · 72, kwisha.

Hatua ya 2. Nilipotenti zote kwa pamoja ni ideali, ndiyo inaitwa nilradikali. Kama x^m = 0 na y^n = 0, fungua mabano ya (x+y)^(m+n-1), kila kipande kina x mara m au zaidi, la sivyo kina y mara n au zaidi, basi vyote vinakufa. Kuzidisha na kitu kingine chochote ni rahisi, (rx)^m = r^m x^m = 0.

Hatua ya 3. Nilipotenti imo ndani ya kila ideali tasa. x^k = 0 na 0 imo ndani ya P, P ni tasa, kwa hiyo ama x imo ama x^(k-1) imo, unashuka hivyo hivyo mpaka x.

Hatua ya 4. Hapa ndipo watu wanaanguka, na mimi nilianguka vibaya ubaoni mbele ya darasa zima. Tunataka hivi: kama x SI nilipotenti, ipo ideali tasa ambayo x haimo. Nilichoandika siku ile ni "chukua ideali kubwa kabisa kati ya zile zisizo na x, hiyo itakuwa tasa". Inasikika vizuri kabisa, na ni uongo. Chukua x = 4 ndani ya Z/72. Ideali (8) haina 4, na ukiipanua kidogo tu unapata (4) au (2) au ringi nzima na zote hizo zina 4, kwa hiyo (8) ni kubwa kabisa kati ya zisizo na 4. Ni tasa? 2 · 4 = 8 imo, 2 haimo, 4 haimo. Siyo tasa. Nilibaki nimeshika chaki.

Kosa liko wapi: (8) inaikwepa 4 lakini haiikwepi 4^2 = 16. Sharti sahihi ni ideali isiyo na kipeo CHOCHOTE cha x, siyo x, siyo x^2, siyo x^3, na kuendelea. Zipo ideali kama hizo? Ipo angalau moja, (0), kwa sababu x si nilipotenti, na hapa ndipo pekee tunapotumia sharti hilo, ukiona uthibitisho wako haujaligusa popote jua umekosea. Kati ya hizo chukua kubwa kabisa, iite P (ringi isiyo na mwisho inahitaji lema ya Zorn, Z/72 ina ideali 12 tu unachagua kwa macho).

Sasa tuseme a na b hazimo ndani ya P. P ukiiongezea a inakuwa kubwa zaidi, kwa hiyo lazima iwe imenasa kipeo fulani: x^m = p + ra. Vivyo hivyo x^n = q + sb, ambapo p na q zimo ndani ya P. Zidisha:

x^(m+n) = pq + psb + raq + rs·ab

Vipande vitatu vya mwanzo vimo ndani ya P. Kama ab nayo ingekuwemo basi x^(m+n) ingekuwemo, na tumesema hakuna kipeo kinachoingia. Kwa hiyo ab haimo, P ni tasa, x haimo. Na ona jinsi tunavyohitaji x^(m+n), ndiyo maana x peke yake haikutosha. Kwa x = 4 njia hii inakupa (3), ambayo ni tasa kweli.

Hatua ya 5. Hesabu yenyewe. Ideali tasa za Z/72 ni (2) na (3) basi. Makutano ni (6), yaani 0, 6, 12, ... mpaka 66, nilipotenti 12.

MASWALI

Mdau: Umesahau (5) na (7), nazo ni namba tasa.

Sijasahau. 5 · 29 = 145 = 1 ndani ya Z/72, kwa hiyo (5) ni ringi nzima, na ringi nzima haihesabiwi kuwa ideali tasa. 7 vivyo hivyo. Chukua zile zinazogawa n tu.

Mdau: mkuu nimejaribu 10, nimefika 10^5 bado sijapata sifuri, niendelee mpaka wapi

10^2 = 28, 10^3 = 64, 10^4 = 64. Imeganda kwenye 64, ungeangalia majibu yako ungeona. Halafu 10 haigawanyiki kwa 3, hatua ya 5 imeshakujibu.

Mdau: Lakini kwa n yoyote, kuna kikomo cha vipeo vya kujaribu?

Swali zuri hili. Kipo, ni kipeo kikubwa kuliko vyote ukiivunja n kuwa namba tasa. 72 ina 2^3, kwa hiyo 3 inatosha, x^3 isipokuwa 0 basi haitakuwa kamwe. Ndiyo maana pia Z/30 nilradikali yake ni 0 tupu, 30 = 2 · 3 · 5, hakuna kinachojirudia.

Mdau: Kwa hiyo nilipotenti ni kigawo cha sifuri tu kwa jina lingine?

Hapana. 2 · 36 = 0, lakini hakuna kipeo cha 2 kinachogawanyika kwa 9. Soma hatua ya 1 tena taratibu.

Mdau: Mbona umesisitiza xy = yx? Matriki je?

Hatua ya 2 inavunjika. Chukua matriki ya 2 kwa 2 yenye 1 kona ya juu kulia na sifuri kwingine, na nyingine yenye 1 kona ya chini kushoto. Kila moja ukiizidisha kwa yenyewe unapata sifuri, ila jumla yao ukiizidisha kwa yenyewe inarudisha matriki ya utambulisho. Jaribu kwa mkono, dakika moja.

Mdau: Nje ya mada kidogo, nimeona 1 + nilipotenti huwa ina kinyume, ni kweli daima?

Daima, na kinyume chenyewe unakiandika moja kwa moja: 1 - x + x^2 - ... unaacha vipeo vinapokufa. 7 = 1 + 6, kinyume chake 1 - 6 + 36 = 31, na 7 · 31 = 217 = 1. Mimi kwenye mtihani naitumia hii, sihangaiki na Euklidi.

Mdau: Naomba unifanyie Z/360 nina kazi ya kukabidhi kesho

360 = 2^3 · 3^2 · 5. Hatua ya 5.