Skrini za Kupiga Picha na Kutafsiri Kabla ya Kulipia Hoteli ya Guangzhou

Wafanyabiashara wengi wa Mombasa ninaowashughulikia safari huenda Guangzhou kununua bidhaa, na baadhi yao hupenda kukodi chumba wenyewe kwenye tovuti ya Kichina. Nitatumia mfano wa chumba cha yuani 320 kwa usiku, cha kuingia tarehe 15 Oktoba na kutoka tarehe 19. Mpangilio wa kurasa hutofautiana kutoka tovuti moja hadi nyingine, lakini mambo ya kutafuta ni yale yale.

Kwanza, zima tafsiri ya moja kwa moja ya kivinjari. Piga picha ya skrini ikiwa na maandishi yake ya asili, kisha uifungue picha hiyo katika programu ya kutafsiri. Ukizozana na hoteli baadaye, mhudumu atasoma Kichina chake, wala hatajali tafsiri iliyotolewa na simu yako.

Hatua ya 1: Ukurasa wa chumba. Fungua kila sehemu iliyokunjwa kabla ya kupiga picha, kwa maana masharti mazito hufichwa humo. Jambo la kutazama kwanza ni nani anayeruhusiwa kukodi. Ukikuta maneno 中国大陆居民, yaani wakazi wa China bara, soma sentensi nzima, kwa kuwa huenda bei hiyo au chumba hicho ni cha wenyeji peke yao. Hapo usilipe mpaka hoteli ikuthibitishie kwa maandishi kwamba inampokea mwenye pasipoti ya Kenya. Kwenye ukurasa huo huo, piga picha ya anwani kwa herufi za Kichina na uiache kama ilivyo, kwa sababu huyo atakayeisoma ni dereva wa teksi.

Hatua ya 2: Masharti ya kughairi. Hapa ndipo watu hupotezea fedha, kwa hiyo nenda polepole. 可取消 maana yake unaweza kughairi, na 不可取消 maana yake huwezi. Tofauti ni herufi moja ya mwanzo, na programu ikiisoma vibaya kwenye picha yenye ukungu, maana yote hugeuka. Ikuze picha uitazame herufi hiyo kwa macho yako mwenyewe, kisha upitishe maandishi katika programu ya pili ulinganishe.

Baada ya hapo tafuta saa ya mwisho. Tuseme ukurasa unaandika hivi:

```
10月14日18:00前可免费取消
```

Maana yake ni kwamba unaweza kughairi bila malipo kabla ya saa 12 jioni ya tarehe 14 Oktoba. Hata hivyo, kwa kawaida saa hiyo ni ya China, ambayo iko mbele yetu kwa saa 5, kwa hiyo Mombasa mlango unafungwa saa 7 mchana. Anayengoja mpaka magharibi ili aamue amekwisha kuchelewa. Iandike saa ya Mombasa pembeni ya picha, na utazame pia kiasi kitakachokatwa baada ya muda huo: kuna wanaotoza usiku wa kwanza, na kuna wanaotoza malipo yote.

Hatua ya 3: Mchanganuo wa bei. Alama ya ¥ hutumika kwa yuani ya China na pia kwa yeni ya Japani, hivyo hakikisha umeona CNY au RMB. Usiku 4 kwa yuani 320 ni yuani 1,280. Jumla ikizidi hapo, tafsiri kila mstari ujue ziada imetoka wapi. Neno 押金 ni amana ya kuweka mapokezi, ambayo hurudishwa ukiondoka iwapo hakuna kilichoharibika, na mara nyingi haimo katika jumla unayolipa mtandaoni. Iwekee fedha zake kando.

Hatua ya 4: Majina. 姓 ni nafasi ya jina la ukoo na 名 ni ya majina uliyopewa. Nakili kama yalivyopangwa kwenye pasipoti, si kama unavyoitwa mtaani, kisha upige picha.

Hatua ya 5: Skrini ya kitufe cha mwisho. Kabla ya kukibonyeza, piga picha inayoonyesha tarehe zote mbili, idadi ya usiku, jumla na maneno ya kitufe chenyewe, kisha uilinganishe na picha za awali. Sharti la kughairi likiwa limebadilika njiani, rudi nyuma. Ukurasa wa namba za kadi usiupige picha kabisa.

Tafsiri zote zifanyie hapa Mombasa na uzihifadhi ndani ya simu pamoja na picha za asili, kwa kuwa huduma za Google zimezuiwa China bara.