Theluji ya kwanza kwa watoto waliozoea joto: mpango wa siku moja

Watoto wengi waliokulia kwenye joto hawaichukii theluji wakiwa nje. Wanaichukia wakisharudi ndani, pale damu inaporudi kwenye vidole vilivyokufa ganzi na vidole vikaanza kuwaka. Kilio huanzia hapo, na kesho yake hataki hata kuvaa buti. Kwa hiyo mpango wote huu una lengo moja: mtoto aingie ndani kabla vidole havijafa ganzi.

Tuchukue watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 7.

Hatua ya 1: Chagua saa

Toka karibu na adhuhuri, siku isiyo na upepo, nyuzi joto zikiwa kati ya 0 na 5 chini ya sifuri. Usiangalie kipimajoto peke yake. Nyuzi 5 chini ya sifuri, upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni nyuzi 13 chini ya sifuri. Siku kama hiyo subirini kesho, theluji haitakimbia.

Hatua ya 2: Theluji iingie ndani kwanza

Chota beseni moja la theluji safi, mbali na barabara, uliweke sakafuni juu ya taulo. Waache waiguse kwa mikono mitupu, waifinyange, waone inavyogeuka maji. Wa miaka 4 huenda akaondoa mkono haraka na kukutazama usoni, usimlazimishe. Mpe kijiko. Dakika chache zinatosha, kisha wakaushe mikono vizuri na wasubiri ipate joto.

Hatua ya 3: Kuvaa

Chooni kwanza, nguo baadaye. Ukikosea mpangilio huo utavua kila kitu upya.

Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na maji na kumpoza mtoto. Tumia sufu au poliesta, juu yake sweta, halafu koti na suruali zisizopitisha maji. Soksi iwe jozi moja nene. Wazazi wengi huvalisha jozi tatu wakidhani wanasaidia, kumbe buti inabana, damu haipiti vizuri na miguu inazidi kupoa. Vidole vya mguu viweze kuchezacheza ndani ya buti.

Glavu nzuri kwa mtoto ni zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, maana vidole hupashana joto. Beba jozi ya pili kwa kila mtoto. Badala ya skafu ndefu inayoweza kunasa, mvalishe kizuia baridi cha shingoni cha kuvaa kupitia kichwani. Paka usoni krimu ya kuzuia jua, kwani theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayounguza ngozi.

Hatua ya 4: Kutoka mara tatu

Mara ya kwanza ni dakika 10 tu. Watembee, wasikilize theluji inavyolia chini ya buti, wakanyage alama zao. Rudini wakiwa bado wanataka kuendelea. Watanung'unika, na ndivyo inavyotakiwa.

Ndani, vua glavu na buti, gusa soksi kama zimelowa, wape kinywaji cha uvuguvugu, kisicho cha moto. Pumzikeni dakika 20 hivi.

Mara ya pili, dakika 15 hadi 20: mipira na sanamu ndogo. Theluji ya karibu na sifuri inashikana vizuri, lakini ndiyo inayolowesha glavu haraka. Theluji ya baridi kali ni kavu kama unga na haifinyangiki, basi irusheni tu juu. Wasichimbe mashimo wala wasicheze kwenye marundo ya kando ya barabara.

Mara ya tatu itegemee hali yao. Wa miaka 7 anaweza kutaka, mdogo akabaki ndani. Sawa kabisa.

Hatua ya 5: Kumsoma mtoto

Usimuulize "unasikia baridi?" Anayecheza atasema hapana. Ingiza vidole vyako nyuma ya shingo yake: pakiwa na joto na pakavu, yuko sawa, pakiwa pa baridi, ingieni, pakiwa na jasho, punguza nguo. Mtoto aliyenyamaza ghafla, au anayeshindwa kushika kitu, muda wake umeisha.

Ukiona pua, shavu, sikio au kidole kimepauka na hakisikii kuguswa, ingieni mara moja. Kifunike kwa kiganja chenye joto au ukiweke kwapani. Usisugue, na usitumie hita wala maji ya moto, maana ngozi yenye ganzi haijui inapoungua. Rangi na hisia zisiporudi baada ya muda mfupi, au yakitokea malengelenge, mpelekeni kwa daktari.

Hatua ya 6: Jioni

Toa soli za ndani za buti uzikaushe peke yake, na glavu uzining'inize mdomo ukiwa chini. Kama asubuhi ndani bado kuna unyevu, mtoto asizivae.