Kamera imeandikwa "Not allowed": jinsi ya kumwandikia mtu hatua za simu kutoka kwenye skrinshoti aliyokutumia

Fomu nyingi za maombi ya mtandaoni hufika mahali zinamtaka mwombaji ajipige picha ya uso papo hapo. Mama anajaza jina, namba ya kitambulisho, anapoishi, kisha anagusa kitufe cha picha na kamera haifunguki. Anaingia kwenye mipangilio ya simu, anazunguka, anapiga skrinshoti na kukutumia WhatsApp: "Mwanangu, nimekwama hapa." Mwongozo huu ni wako wewe uliyetumiwa hiyo picha, ambaye huna simu yake mkononi na huenda uko Maskati na yeye yuko Tanga.

Tuchukue picha moja. Simu ni Samsung yenye Android 13 na kivinjari ni Chrome. Juu pameandikwa "App permissions", chini yake jina Chrome. Chini ya kichwa "Allowed" kuna "Notifications" peke yake. Chini ya "Not allowed" kuna "Camera", "Location", "Microphone" na mengineyo, na mstari wa mwisho umekatika nusu.

Kabla hujaandika neno lolote, isome picha kuanzia juu hadi chini. Anza na saa iliyo kwenye kona ya juu. Ikiwa ni tofauti sana na saa ya ujumbe, picha ni ya zamani na mama huenda yuko ukurasa mwingine kabisa, kwa hiyo muulize kwanza. Tazama betri. Yenye asilimia nne haimalizi kazi hii, na hatua ya kwanza itakuwa kuichomeka chaji. Kisha tazama ukingo wa chini: je, kuna vitufe vitatu au kijistari kimoja tu? Hapo ndipo utajua utaandika "bonyeza kitufe cha kurudi" au "telezesha kidole kutoka ukingoni". Kwenye Samsung ambayo mpangilio wake haujabadilishwa, kitufe cha kurudi kiko kulia, ilhali simu nyingine nyingi hukiweka kushoto, kwa hiyo ukiandika kwa kukumbuka simu yako unaweza kumtuma upande usio wake. Mstari uliokatika nusu nao una habari: orodha inaendelea chini, na unachokitafuta kinaweza kuwa hakionekani kwa sababu hajasogeza.

Baada ya hapo jiulize kwa nini amekwama hapo hasa. Katika picha yetu mama amefika mahali sahihi bila msaada wa mtu. Kilichomsimamisha ni maneno "Not allowed", ambayo ameyasoma kama tangazo kwamba amekatazwa. Hajui kwamba "Camera" iliyo chini yake ni mstari unaoguswa, kwa maana hauna swichi wala mshale wa kuonyesha hivyo. Maelekezo yanayoanza na "Fungua Settings, nenda Apps" yangemrudisha nyuma kurasa tatu bila sababu. Mwanzie pale alipo.

Inafaa pia ujue kilichotokea ndani ya simu. Kuanzia Android 11, mtu akigusa "Don't allow" mara mbili kwa ruhusa ileile ya programu ileile, simu huacha kuuliza. Ndiyo maana mama anagusa kitufe cha picha mara kumi na hakitokei kitu. Juu ya hilo, fomu iliyo ndani ya kivinjari hupita ruhusa mbili, kama nyumba yenye geti na mlango. Simu inampa Chrome kamera, kisha Chrome inaipa tovuti hiyo kamera. Kufungua moja hakufungui nyingine, na anayesaidia asipolijua hili atasema "lakini umesharuhusu!" huku mama anaona kamera imefungwa vilevile.

Jambo moja la kuhakikisha kabla ya kumfungulia mtu kamera ni tovuti yenyewe. Mwombe skrinshoti ya pili, ya ile fomu, ambapo anwani ya juu inasomeka. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, za Kenya .go.ke, za Uganda .go.ug. Tazama mwisho wa jina la tovuti, yaani herufi zilizo kabla tu ya mkwaju wa kwanza unaofuata baada ya https://, kwa sababu walaghai hupenda kuweka "go.tz" mwanzoni au katikati. Mwambie pia aifiche namba yake ya kitambulisho kwa kuikata picha, na asitume kamwe skrinshoti yenye namba ya siri iliyoingia kwa ujumbe mfupi.

Sasa andika. Maneno yaliyo kwenye skrini yaandike kama yalivyo, kwa herufi zilezile. Ukimwandikia mama "gusa Kamera" wakati simu yake iko kwa Kiingereza, atatafuta K na hataiona. Maana ya neno mweleze kwa Kiswahili pembeni, lakini neno la kugusa libaki lilivyo. Kila hatua iwe na tendo moja, na baada ya tendo mwambie ataona nini, ili ajue mwenyewe kama amefika au ameteleza. Rangi usizitegemee peke yake. Simu yake inaweza kuwa na skrini nyeusi wakati yako ni nyeupe.

Ujumbe wa picha yetu ungekuwa hivi:

Shikamoo mama. Hujakosea na hakuna aliyekukataza. Simu imeinyima Chrome kamera, tunaifungua sasa. Kaa kwenye ukurasa uleule ulionitumia, wenye "App permissions" juu.

1. Chini ya maneno "Not allowed", gusa mstari wa "Camera". Utafunguka ukurasa wenye viduara vitatu.

2. Gusa "Allow only while using the app". Kiduara chake kitajaa. Usitafute pa kuhifadhi, simu imeshapokea.

3. Bonyeza alama ya kurudi, ile ya chini kulia, mara moja tu. Sasa "Camera" iwe imehamia juu, chini ya "Allowed".

Ukiiona hapo juu niandikie "tayari". Usipoiona usiguse kitu kingine, nipigie skrinshoti.

Umeona ujumbe unaishia hapo, ingawa fomu bado haijapata picha. Hiyo ni makusudi. Kuanzia hatua ya nne njia inagawanyika, na wewe huoni itagawanyika kuelekea wapi mpaka uone skrini inayofuata. Ukiandika matawi yote kwa pamoja ("ikiwa hivi fanya hivi, isipokuwa hivi fanya vile"), mtu aliyeshika simu hiyohiyo anayosomea maelekezo atapotea katikati, kwa sababu kila mara lazima atoke WhatsApp arudi kwenye mipangilio. Hatua tatu mtu huzishika kichwani, tisa hapana.

Mama akijibu "tayari", ujumbe wa pili unamrudisha kwenye fomu: bonyeza kitufe cha katikati chini, fungua Chrome, gusa tena kitufe cha picha. Hapa kuna tahadhari ambayo wengi huisahau. Shauri la kawaida ni "pakia ukurasa upya", lakini fomu nyingi hufuta kila kilichojazwa ukiipakia upya. Kwa hiyo kwanza ajaribu kitufe cha picha bila kupakia. Ikigoma, aandike kwenye karatasi namba ya maombi kama imeshatolewa, agonge sehemu ya kuhifadhi kama ipo, ndipo apakie upya.

Chrome ikiuliza kama tovuti itumie kamera, maneno ya majibu hutofautiana kulingana na toleo. Usimwandikie maneno kamili ambayo huna picha yake. Andika "gusa jibu linaloanza na neno Allow", nayo itatosha kwenye matoleo yote mawili, la zamani na jipya.

Isipouliza kabisa, basi tovuti ilishazuiwa siku za nyuma na ule mlango wa pili bado umefungwa. Hapo aguse alama ndogo iliyo kushoto mwa anwani ya tovuti. Kwenye Chrome za zamani ni kikufuli. Tangu 2023 imebadilishwa kuwa vijistari viwili vyenye viduara. Mwambie vyote viwili, maana hujui simu yake ilisasishwa lini. Kinachofunguka kina neno "Permissions". Aliguse, kisha awashe swichi ya "Camera". Akirudi kwenye fomu na kamera bado ni nyeusi, acha kuhangaika na Chrome. Mwambie afungue kamera ya kawaida ya simu. Kama nayo haionyeshi picha, au simu inamwomba aifungulie kamera kwanza, tatizo ni la simu nzima: kuanzia Android 12 kuna swichi ya "Camera access" kwenye vile vitufe vya haraka vinavyotokea ukivuta skrini kutoka juu kwa vidole viwili, na mtoto anayechezea simu huizima bila kujua. Ikiwa kamera ya kawaida inafanya kazi vizuri, omba skrinshoti mpya ya fomu.

Katika hiyo skrinshoti mpya, tazama kona ya juu kushoto. Ukiona alama ya X badala ya alama za kawaida za Chrome, huenda mama alifungua kiungo ndani ya Facebook au programu nyingine, na ruhusa zote mlizohangaika nazo zilikuwa za Chrome ilhali fomu haiko huko. Anakili anwani, aibandike kwenye Chrome, aanze kuanzia hapo.

Kuna hali moja ambayo hakuna maelekezo yatakayosaidia: mistari ya ruhusa imefifia, haigusiki, na chini yake pana maneno kwamba mipangilio inasimamiwa na msimamizi. Hutokea kwenye simu za ofisini na baadhi ya zile zinazolipiwa kwa awamu. Ukiona hivyo kwenye skrinshoti, usimtume mama kubonyezabonyeza. Amalize maombi kwa simu ya mtu anayemwamini, na akimaliza atoke kwenye akaunti yake kabla hajairudisha.