Taja mahamri kwanza, sifa baadaye

Ukiweka pini ya mapishi Pinterest, kichwa kinaruhusiwa herufi 100, lakini anayepitisha kidole kwenye simu huona kama 40 tu za mwanzo, na wakati mwingine hata hizo hazitoshei. Juzi jirani yangu hapa South B aliandika: "Kitafunwa kitamu cha asubuhi nilichojifunza kwa shangazi: mahamri". Kichwa kilikatika kwenye "nilichojifu", na mahamri yenyewe hayakuonekana kabisa. Tukabadilisha: "Mahamri laini ya nazi na iliki". Herufi 30, na chakula kimetajwa mwanzoni kabisa.

Maelezo ndiyo yanayosaidia pini ipatikane mtu anapotafuta, kwa hiyo andika kwa maneno ambayo mpishi angeyachapa. Kabla ya kuandika, chapa "mahamri" kwenye kisanduku cha kutafutia uone maneno kinayopendekeza. Yetu yalikuwa: "Mahamri ya tui la nazi, hamira na iliki, yanayofura vizuri. Yanafaa na chai ya maziwa au mbaazi za nazi." Usirundike maneno matupu yaliyotenganishwa kwa koma, hayasomeki. Na kama ukurasa unaounganishwa hauna vipimo vya unga, usiviahidi.