Safari ya Lubumbashi ikivunjika, dai kodi za tikiti yako

Dada yangu anaishi Paris. Alikuwa amekata tikiti ya kwenda na kurudi aje arusi ya mdogo wetu huku Lubumbashi, kisha familia zikaahirisha siku. Ajansi iliyomuuzia ikamjibu kwamba tikiti ile hairudishwi. Akakata tamaa, nami nikamwambia: dada, kinachopotea ni nauli, si kila kitu.

Alikuwa amelipa euro 1,020. Tulipofungua karatasi ya tikiti tukakuta nauli ni 540, na zilizobaki 480 zimeandikwa kwa jumla kama kodi na ada. Akafurahi mapema mno. Ndani ya zile 480 mlikuwa na 330 zenye alama YQ. Hiyo si kodi ya serikali. Ni nyongeza ya shirika la ndege lenyewe, na kwa kawaida hufuata masharti ya nauli: nauli ikipotea, nayo inapotea. Zilizobaki 150 zilikuwa na alama kama QX, ambayo ni ada ya abiria ya uwanja wa Ufaransa, na IZ, kodi ya mshikamano. Hizi hudaiwa kwa abiria aliyepanda ndege. Asiyepanda hana deni, kwa hiyo shirika halina haki ya kubaki nazo.

Kwa tikiti zinazouzwa Ufaransa, sheria ya walaji, kifungu L224-66, inasema wazi: zirudishwe ndani ya siku 30 tangu ombi lipokelewe. Ukiomba kwa mtandao hulipi kitu. Kwa njia nyingine wanaweza kukata, ila wasizidi asilimia 20 ya kinachorudishwa. Ajansi nayo inabanwa na kifungu hicho hicho, ndiyo maana dada aliiandikia tena, akataja kifungu, namba ya tikiti yenye tarakimu 13, na kiasi cha kila alama. Euro 150 zikarudi kwenye kadi aliyolipia. Ada ya huduma ya ajansi haikurudi.

Kama umeshatumia safari ya kwenda, utadai kodi za kurudi peke yake, na hizo ni za viwanja unavyoondokea ukirudi. Ada ya Paris imeshatumika.

Jambo moja naomba ulishike sana: usiharakishe kufuta ukiona fununu kwamba ndege yenyewe huenda isiruke. Ukifuta wewe, unapata kodi tu. Shirika likifuta safari inayoondokea nchi ya Umoja wa Ulaya, kanuni ya umoja huo namba 261 ya mwaka 2004 inakupa haki ya kudai bei yote, nauli na YQ pamoja, ndani ya siku 7. Subiri basi, lakini futa kabla ya saa ya kuondoka ikiwa ndege bado iko kwenye ratiba, maana mashirika mengine humtoza faini asiyetokea uwanjani bila taarifa.