Fuata tiketi: jinsi ya kujulikana na wakubwa kupitia idara nyingine

Niko katika ofisi ya malipo ya wakulima, kwenye kiwanda kimoja cha sukari huku magharibi mwa Kenya. Huu ni mwaka wangu wa 11. Miaka 6 ya kwanza meneja mkuu hakunijua hata kwa sura, na si kwamba kazi yangu ilikuwa mbaya. Iliishia tu mezani kwa bosi wangu. Leo nawaeleza njia iliyonitoa hapo, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: chagua karatasi moja inayopita kwako

Wengi huanza kwa kutafuta watu: anamkaribia huyu, anamnunulia chai yule. Mimi nasema anza na karatasi. Kwetu ni tiketi ya mizani. Miwa ikikatwa, karani wa shambani huandika nambari ya shamba. Trekta likifika kiwandani hupimwa likiwa limejaa, kisha likiwa tupu, na tofauti ndiyo tani za mkulima. Tiketi hiyo huja kwetu, tunakata gharama za mbolea, ukataji na usafiri, halafu tunalipa kinachobaki.

Tazama basi: idara ya kilimo, mizani na uhasibu wanashika karatasi ileile, lakini hawazungumzi ila wakati wa kulaumiana. Nafasi yako iko hapo katikati. Mwanasosholojia wa Marekani, Ronald Burt, alichapisha utafiti mwaka 2004 kuhusu mameneja wa kampuni moja kubwa ya elektroniki. Aliona kwamba waliounganisha vikundi visivyozungumza ndio ambao mawazo yao wakubwa waliyaona mazuri zaidi.

Hatua ya pili: irudie njia yake kwa miguu

Mwombe bosi wako ruhusa kwanza. Mwambie hivi: "Tiketi zinakwama, nataka kujua zinaharibikia wapi. Nipe saa moja kila Jumanne." Hakuna bosi anayekataa kupunguziwa lawama.

Nenda saa ambayo wenyeji wana nafasi. Nilipokwenda mizani mara ya kwanza ilikuwa jioni, matrekta yamepanga foleni hadi barabarani, nikafukuzwa kama mdudu. Saa nne asubuhi nilipewa kiti. Na swali lako la kwanza lisiwe la kuuliza wamekosea nini. Uliza, "Sisi wa malipo tunawaharibia kazi wapi?" Yule mzee wa mizani alinijibu kwa nusu saa nzima. Kumbe wakulima waliocheleweshewa malipo walikuwa wanakwenda kumfokea yeye.

Hatua ya tatu: hesabu kabla ya kusema

Kwa wiki 2 niliandika kwenye daftari kila tiketi iliyokwama, na sababu yake. Zilikuwa 140. Tiketi 96 zilikuwa na nambari ya shamba isiyo sahihi, 31 tulizikosea sisi wenyewe tulipoziingiza kwenye kompyuta, na 13 hazikusomeka.

Zile 96 ndizo zilizonifanya nitoke na karani wa kilimo hadi shambani. Orodha aliyobeba ilichapishwa mwanzoni mwa mwezi. Shamba lililosajiliwa baada ya hapo halimo, kwa hiyo kijana aliyejisajili tarehe 10 aliandikiwa nambari ya baba yake. Hakukuwa na mwizi wala mvivu. Orodha ilikuwa imepitwa na wakati, basi.

Hatua ya nne: mpelekee mwenye kosa kabla ya mtu mwingine yeyote

Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi niliharibu. Miaka miwili kabla ya hapo niligundua hitilafu nyingine, nikamwandikia meneja mkuu barua pepe moja kwa moja. Hakujibu. Mkuu wa idara niliyoitaja kwenye barua hiyo alipata habari, na kwa miezi kadhaa kila faili langu lilikaa chini kabisa ya rundo lake.

Safari hii nilikwenda kwanza kwa mkuu wa kilimo, nikaanza na zile 31 zetu. Ukianza na kosa la nyumbani kwako, mwenzako hajikingi. Akauliza mwenyewe, "Na zetu ni ngapi?" Tukakubaliana orodha ichapishwe kila Jumatatu, na karani wa mizani ailinganishe kabla ya kutoa tiketi. Mwezi uliofuata, katika wiki 2 kama zile, zilizokwama zilikuwa 38.

Hatua ya tano: ukurasa mmoja, ubebwe na wakubwa wenu

Niliandika ukurasa mmoja tu: tatizo, hesabu ya kabla, kilichobadilishwa, hesabu ya baada, na majina ya watu watatu wa idara tatu waliofanya kazi hiyo. Sikuupeleka juu. Niliwapa bosi wangu na mkuu wa kilimo, nao wakaufikisha kwenye mkutano wa mameneja wa kila mwezi. Siku mbili baadaye niliitwa nikaeleze nilivyohesabu.

Utajuaje kuwa mtandao umeshika? Watu wanakupigia simu kabla mambo hayajaharibika. Kama wanakupigia ili uwasukumie faili la jamaa yao tu, hapo umegeuzwa tarishi. Rudi kwenye hesabu.

Maswali ya wanachama

*Karani, Nakuru: Bosi wangu huhisi namruka kila nikisimama na mkuu mwingine. Nifanyeje?*

Kaka, mpe habari kabla hajazisikia. Kila ukirudi kutoka idara nyingine, mwandikie mistari mitatu: nilikutana na nani, kuhusu nini, tumekubaliana nini. Baada ya mwezi atakuwa anatumia habari zako kwenye mikutano yake. Lakini akikataza kabisa hata baada ya hapo, usiende kwa siri. Omba kuhudhuria mkutano ambao yeye mwenyewe hapendi kwenda.

*Fundi wa mitambo, Kisumu: Mimi sina karatasi inayopita kwangu.*

Ulizia kamati ya usalama na afya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe nayo, ikiwa na wawakilishi wa uongozi na wa wafanyakazi. Utaketi meza moja na wakubwa, na ukaguzi utakupitisha kila idara kihalali. Watu wengi huikimbia kwa sababu haina posho, ndiyo maana nafasi haikosekani.

*Dada wa stoo, Bungoma: Nikiingia ofisi za wakubwa, maneno huanza. Wewe ulikwepaje?*

Dadangu, nilikuwa naenda na karatasi mkononi, saa za kazi, mlango wazi, na mara nyingi na mwenzangu wa idara husika. Mazungumzo ya mizani niliyafanya uwanjani mbele ya madereva. Mkubwa akitaka mzungumze nje ya kazini, mwambie utamletea maandishi ofisini. Akisisitiza, andika tarehe na alichosema, umpelekee mtu wa rasilimali watu. Huo si mtandao tena.

*Mhasibu, Kakamega: Kwetu watu huketi kwa lugha zao saa ya chakula. Mgeni anaingilia wapi?*

Usianzie mezani. Kwetu pia ni hivyo, nami si wa lugha ya wengi pale. Yule mzee wa mizani na mimi tulizungumza Kiswahili cha tani na tiketi kwa karibu mwaka mzima kabla hajaniita mezani kwao. Siku hiyo wenzake walibadilisha lugha bila kuombwa, kwa sababu walitaka kuniuliza kuhusu malipo ya mwezi ule.